Amemkopi bosi? Mjibu bosi akiwa hapohapo

Nikiona imeili inaanza na "Kama nilivyokwisha kueleza mara kadhaa", sihangaiki kusoma kilichobaki. Napanda juu kwenye majina, na bosi yumo.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu. Mwenzetu wa miradi kaandika: "Malipo ya viti na mahema yamekwama uhasibuni tangu Jumatatu, na mzabuni analalamika." Heh! Yamekwama yenyewe tu, kama gari kwenye tope. Hakugusia kwamba Jumanne nililirudisha ombi lake kwa sababu hati ya kupokelea mzigo haikuwa na saini, wala kwamba ameileta Alhamisi jioni, watu wanabeba mikoba waende zao.

Ushauri unaotembea maofisini ni kumjibu pembeni, mmalizane kiutu uzima. Nakataa. Ukimtoa bosi, yeye anabaki na upande mmoja wa habari, na utetezi wako hatauona kamwe. Bonyeza jibu wote, ila si palepale. Andika jibu kwanza bila kujaza jina la yeyote pale juu, maana kidole chenye hasira huwahi kutuma. Kisha soma tena ukifuta kila "wewe" na kila "kama unavyojua". Langu lilibaki hivi:

"Habari za asubuhi. Ombi lilifika Jumatatu. Jumanne saa 4 asubuhi niliomba hati ya kupokelea mzigo yenye saini (imeili nimeiambatisha). Imenifikia jana saa 11 jioni. Malipo nimeyaandaa, yanasubiri saini ya pili. Ikipatikana kabla ya saa 6, yataingia benki leo."

Hakuna aliyetukanwa, na bosi anajua kuhesabu siku. Sentensi mbili za mwisho ndizo zenye kazi, kwa sababu bosi hana muda wa kuamua kesi. Anataka kujua mzabuni atalipwa lini. Kiambatisho kiwe kimoja. Ukipakia mazungumzo ya mwezi mzima, unaonekana ulikuwa unakusanya ushahidi, na hapo wewe ndiye mgomvi. Kama sehemu ya ucheleweshaji ni yako, iweke humohumo na tarehe yake, bila hadithi ya foleni.

Haya, nakubali kwa shingo upande: kuna watu hawajibu mpaka bosi aonekane. Ukikumbushwa ukakaa kimya, ukikopiwa bosi usinung'unike. Lakini mimi nilikuwa nimejibu!

Bosi aliandika neno moja, "Sawa", saini ikapatikana, mzabuni akalipwa. Mchana nikamfuata mwenzangu mezani kwake, maana ya moyoni hayaandikwi kwenye imeili ya ofisi. Nikamwambia, "Kaka, siku nyingine karatasi ikirudi, nipigie kwanza." Akasema alikuwa na presha ya mzabuni. Labda. Ombi lake lililofuata lilikuja na hati zote, saini na mhuri juu, na safari hii hakumkopi mtu.