Simu ya mkopo ya 1,200 kwa siku: unanunua simu au unanunua siku?

Pita Ngamiani hapa Tanga siku yoyote, kuanzia barabara za juu mpaka upande wa Soko la Mgandini, utakuta meza na miavuli ya mawakala wa simu za mkopo. Bei kamili ya simu huioni pale. Inayoandikwa kwa herufi kubwa ni ya siku: 1,200, 1,500, 1,800. Jirani yangu wa Makorora, mama anayekaanga samaki jioni, aliniuliza wiki hizi kama achukue. "Kaka, elfu moja na mia mbili ni samaki mmoja tu, nitashindwaje?" Swali lake ni la haki, na jibu lake halimo kwenye hiyo 1,200. Limo kwenye mwaka.

Tulikaa tukapiga hesabu. Takwimu nitakazotumia ni za mfano wetu wawili na kila wakala ana zake, ila njia ya kukokotoa haibadiliki. Simu aliyoitaka dukani ni shilingi 300,000 taslimu. Kwa mkopo anatoa kianzio 60,000, kisha 1,200 kila siku kwa siku 365. Hiyo 1,200 mara 365 ni 438,000. Ongeza kianzio, simu imefika 498,000. Nyongeza ni 198,000.

Watu wengi huishia hapo. Wanasema nyongeza ni theluthi mbili ya bei, wanaguna, halafu wanachukua hivyo hivyo kwa sababu hawana 300,000. Mimi nataka tusogee hatua moja mbele. Kianzio ni pesa yake mwenyewe, kwa hiyo alichokopeshwa ni 240,000 tu. Tena hakai na hiyo 240,000 mwaka mzima, kwa sababu anaanza kuirudisha tangu siku ya kwanza na deni linapungua kila jioni. Ukikokotoa kama benki inavyokokotoa, riba kwenye salio linaloshuka, inakaribia asilimia 135 kwa mwaka. Mikopo ya kawaida ya benki zetu huzunguka asilimia 15 au 16. Najua benki haiwezi kumkopesha mama wa samaki 240,000 bila dhamana, na kampuni ya simu inabeba hasara ya wanaotoroka. Lakini mtu anayetia sahihi anapaswa kuijua namba hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Sasa geuza hesabu. Mama huyu ana 60,000 mkononi, na amekubali mwenyewe kwamba 1,200 kwa siku anaiweza. Akiiweka pembeni badala ya kumpelekea wakala, 240,000 itatimia baada ya siku 200, yaani miezi sita na nusu hivi. Kwa hiyo wakala hamuuzii simu tu, anamuuzia pia siku 200 za kuwa nayo mapema, kwa shilingi 198,000. Gawanya: ni shilingi 990 kwa kila siku ya kutokusubiri. Hapo ndipo swali linapopata uzito wake. Je, simu hii itamwingizia zaidi ya 990 kwa siku, faida safi, katika siku hizo 200?

Kwa dereva wa bajaji anayepata abiria kwa programu ya simu, au kijana anayepokea oda za mikate kwa WhatsApp, jibu linaweza kuwa ndiyo, hata mara tatu yake. Huyo achukue mkopo, na simshangai. Kwa jirani yangu wateja wanakuja kwa miguu, wanafuata moshi wa mafuta, na M-Pesa anaipokea kwa kitochi. Simu kubwa anaitaka kwa ajili ya picha za wajukuu walioko Korogwe na kuzungumza na mwanawe kwa video. Ni haja ya kweli kabisa, wala simcheki mtu kwa hilo, lakini inaweza kungoja siku 200.

Halafu kuna gharama ambazo hazimo kwenye mkataba. Ya kwanza ni bando. Nimeona kwa watu wengi wa mtaani kwetu kwamba ukishaanza kulipa deni kwa siku, unaanza kununua kila kitu kwa siku. Jioni unatoa 1,200 ya simu, mkononi inabaki chenji, unanunua bando la 1,000 la saa 24. Mwaka mzima hiyo ni 365,000. Mwenye nafasi ya kutoa 5,000 kwa mpigo kwa bando la wiki analipa 260,000, na mara nyingi anapata MB nyingi zaidi kwa kila shilingi. Tofauti ni 105,000. Haimo kwenye karatasi ya mkopo, ila mkopo ndio ulioileta.

Na simu ikifungwa? Programu ya mkopeshaji imeshika simu tangu siku ya kuwashwa. Siku ulizolipia zikiisha, kioo kinakuonyesha ujumbe wa kulipa, basi. Kuirudisha kwenye hali ya kiwandani hakusaidii, kwa sababu ikiingia mtandaoni tu inajitambulisha upya na kujifunga. Bando la wiki ulilonunua jana, hata hivyo, linaendelea kuhesabu saa zake. Halijui kama simu imefungwa. Ukifikwa na hili, hamishia laini yako kwenye simu nyingine hata ya kuazima, bando na M-Pesa vinahama na laini. Kinachoponza zaidi ni kukopa kwenye Songesha, ule mkopo wa M-Pesa, ili kulipia siku ya simu. Hapo una deni lenye makato yake limekaa juu ya deni lingine, na kwa biashara ya samaki siku moja ya mvua inatosha kuanzisha mnyororo huo.

Uliza pia jambo moja kabla ya kusaini, na usiridhike na "usijali mama". Siku nisipolipa, inakuwaje? Kuna mikataba ambayo siku hiyo husogezwa tu mbele, simu inalala, na mwaka wako unakuwa miezi 13 au 14 bila deni kuongezeka. Kuna mingine ambayo siku ulizokosa kulipa hulimbikizwa, simu haifunguki mpaka ulipe zote pamoja. Kwa mtu mwenye kipato cha kupanda na kushuka, tofauti ya mikataba hiyo miwili ni kubwa kuliko tofauti ya 1,200 na 1,300.

Matengenezo yanahitaji tuyatazame kwa macho ya mtu wa pwani. Hewa yetu ina chumvi, na mama wa samaki ana mikono yenye maji na mafuta. Kinachokufa kwanza kwenye simu za huku, ukiacha vioo, ni sehemu ya kuchajia. Dalili huja taratibu: waya unakubali ukiukunja upande mmoja tu, baadaye simu inaandika inachaji lakini asilimia hazipandi. Ukichungulia kwa tochi utaona ukungu mweupe au wa kijani kwenye vile vipini vidogo. Ikiwahiwa, fundi anasafisha kwa spiriti na brashi na unalipa kidogo. Ikichelewa, inabadilishwa. Sisi tulitenga 15,000 kwa hilo na 70,000 kwa kioo kimoja, jumla 85,000 kwa mwaka.

Fedha hiyo ni ile ile kwa taslimu na kwa mkopo. Kinachotofautiana ni uhuru. Simu ya taslimu unaipeleka kwa fundi yeyote unayemwamini, unapatana naye, mnamaliza. Simu ambayo bado ina deni, mikataba mingi inataka ifunguliwe na fundi wao tu. Ukiifungua kwingine waranti inakwenda, na kioo kilichopasuka kwa kuanguka kwa kawaida hakimo kwenye waranti tangu mwanzo. Wakati simu iko kwa fundi, siku zinaendelea kudaiwa. Ikikaa huko siku tano umelipa 6,000 kwa simu ambayo hukuishika.

Ukijumlisha mwaka wa kwanza: kwa mkopo ni 498,000 ya simu, 365,000 ya bando la siku na 85,000 ya fundi, jumla 948,000. Kwa taslimu ni 300,000, 260,000 na 85,000, jumla 645,000. Zimeachana kwa 303,000. Kwa bei ya mfano wetu, mama angenunua simu ya pili na chenji ikabaki.

Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo wapenda taslimu hatulijibu vizuri: "Kaka, hiyo 1,200 nikiiweka ndani hailali. Mtoto ataumwa, mkaa utaisha." Ana haki. Kufuli la mkopeshaji linafanya kazi moja ambayo kibubu cha chini ya kitanda hakiifanyi: linamlazimisha mtu. Kwa hiyo ushauri wa "weka akiba" mtupu haufai. Unachohitaji ni kufuli jingine lisilo na riba.

Hilo tunalo siku nyingi, ni mchezo. Shilingi 1,200 kwa siku ni 36,000 kwa mwezi. Wakiwa akina mama saba, kila mwezi anatoka mmoja na 252,000. Jirani yangu akipata zamu ya pili au ya tatu, akaongeza 60,000 yake, anaingia dukani ndani ya miezi mitatu tangu leo na pesa kamili. Kilichobaki anakirudisha kwa wenzake bila senti ya riba, na aibu ya kumkwamisha jirani ni kufuli zito kuliko programu yoyote. Hatari ipo: mmoja akipokea mapema na kuhama, wa mwisho wanaumia. Ndiyo maana mchezo uwe wa watu mnaojuana hadi mlango, na zamu za kwanza wapewe wenye biashara isiyohama.

Siku ya kununua taslimu, hasa ukishawishika na simu iliyotumika kwa bei ya chini, usikubali kutoa pesa kabla ya haya. Bonyeza *#06#, andika namba ya IMEI yenye tarakimu 15, itume kwenda 15090 na usome jibu linalotaja aina ya simu. Likitofautiana na iliyo mkononi mwako, irudishe. Kisha mwambie muuzaji aiondoe akaunti yake, aifute simu yote mbele yako, aiunganishe na intaneti, na msubiri mpaka iwake hadi mwisho. Simu yenye deni la mtu itajionyesha hapo hapo kwa ukurasa wa mkopeshaji. Muuzaji akisema hana muda wa kusubiri dakika kumi, mwachie simu yake.