Duka la Ujiji na akiba ya stoo: lori ndo linaamua

"Duka langu liko Ujiji, mzigo natoa Dar. Niagize sabuni ikibaki katoni ngapi?"

Wafanyabiashara wengi watakwambia jaza stoo, maana mteja akikosa sabuni kwako anahamia duka la pili na harudi. Wengine wanasema hela isilale kwenye makatoni, mtaji uzunguke. Wote wana hoja, ila wanabishana bila kuangalia namba moja muhimu, ambayo ni lori linachelewa kwa kiasi gani.

Tuseme unauza katoni 4 kwa siku, zinapanda na kushuka kwa 1.5 hivi. Mzigo unachukua siku 6 kwa wastani toka uagize, nao unayumba siku 2. Huko kuyumba usikisie, andika tarehe ya oda na tarehe ya mzigo kuingia, toa moja kwa nyingine upate siku za kila safari, kisha Excel inakupa kwa STDEV ya hizo siku. Kwenye mauzo ruka zile siku sabuni ilikuwa imeisha, la sivyo utaona wateja wachache kuliko walivyo.

Kwa siku 6 za kusubiri unahitaji katoni 24. Akiba juu yake ni hii:

```
1.65 × √(6 × 1.5² + 4² × 2²) = 14.5
```

Yaani katoni 15, kwahiyo agiza zikibaki 39, ukihesabu na zile ambazo tayari ziko njiani. Hiyo 1.65 maana yake kwenye oda 20 unakubali kuishiwa mara moja hivi.

Sasa angalia ndani ya mabano. Kuyumba kwa wateja kumeleta 13.5 tu, lori limeleta 64! Ukipata msafirishaji anayefika siku ya 6 kila mara, akiba inashuka mpaka katoni 6. Katoni 9 zimetoka stoo, na kama moja ni shilingi 30,000 hiyo ni 270,000 imerudi mkononi. Kwahiyo wale wa mtaji uzunguke wako sahihi, ila wabane kwa msafirishaji kwanza, ukipunguza akiba huku lori ni lilelile utaishiwa tu.

Wale wa kujaza stoo nao wanapata haki yao kwenye mvua, Novemba mpaka Aprili huku kwetu. Safari ikiwa siku 8 na kuyumba siku 4, hesabu ileile inakupeleka kuagiza zikibaki 59. Na hapo mi naongeza kidogo kwa mkono, kwa sababu hesabu hii inachukulia lori linawahi sawa na linavyochelewa, wakati lori haliwezi kuwahi siku 8 ila kukwama wiki mbili linaweza kabisa. Kwa sabuni sioni shida kuongeza, haiharibiki. Kwa maziwa ya pakiti au mikate ya kiwandani singethubutu, hapo bora uishiwe.