Chupa imechorwa zabibu, ndani kuna tufaha

Wiki iliyopita niliingia supamaketi moja hapa mjini Dodoma nikiwa na shangazi yangu, ambaye amelima zabibu Hombolo tangu mimi sijazaliwa. Kwenye rafu ya jamu akaona chupa yenye kichala kikubwa cha zabibu mbele, punje zimejaa, umande juu yake. Akaishika, akafurahi kabisa. "Hizi ni za kwetu?" Nikaigeuza nikamsomea lebo ya nyuma, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo leo nataka kuitoa.

Lebo ilisema hivi: sukari, maji, rojo la matunda asilimia 25 (tufaha 18, zabibu 7), pektini E440, asidi ya sitriki E330, kihifadhi E211, rangi E122, ladha ya zabibu. Uzito gramu 450.

Piga hesabu nami. Asilimia 7 ya gramu 450 ni gramu 31 na nusu. Hizo ni punje chache ambazo hata kiganja cha mtoto hazikijazi, na ndizo zabibu zote zilizoingia kwenye chupa nzima. Tunda lililotangulia ni tufaha, na tufaha halimei Hombolo wala Mpunguzi wala Mvumi. Wekundu umetoka kwenye E122. Harufu imetoka kwenye kichupa cha ladha. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha chupa kwenye rafu, akasema, "Kumbe sisi tumewapa picha tu." Huyu ni mtu ambaye kila msimu wa mavuno anahangaika mnunuzi yuko wapi, kwa sababu zabibu ikishakatwa haisubiri.

Sasa, watu wengi ninaowafahamu wakishika chupa ya jamu hukimbilia namba ya sukari. Wanalinganisha chupa mbili, moja gramu 62 na nyingine gramu 65 kwa kila gramu 100, wanachukua ya 62 wakidhani wamepata iliyo bora. Namba hiyo haikuambii jamu ipi ni nzuri. Jamu ya kawaida lazima iwe na sukari nyingi, kwa sababu sukari ndiyo inayosaidia kuigandisha na kuizuia isichache. Kiwango cha jamu cha Kodeksi, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, cha mwaka 2009, kinataka vitu vilivyoyeyuka ndani yake, ambavyo karibu vyote ni sukari, viwe kati ya asilimia 60 na 65 au zaidi. Kwa hiyo jamu nzuri na jamu mbovu zote zitasoma sitini na kitu. Kinachozitofautisha ni tunda.

Kwenye tunda kiwango hichohicho kinasema jamu iwe na angalau asilimia 35, na ile ya daraja la juu angalau 45. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba namba ndogo si ujanja kila mara. Tunda lenye ukali na harufu kali limepewa nafuu: jamu ya ukwaju au ya pasheni inaruhusiwa kushuka hadi 6, na ya embe hadi 25. Mtu akiniuzia jamu ya ukwaju yenye asilimia 10 sina ugomvi naye, maana ukwaju mwingi zaidi usingelika. Lakini zabibu haimo kwenye orodha hiyo ya nafuu. Na ile chupa, hata ukijumlisha tufaha zake zote, imeishia 25.

Hapo ndipo rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari, aliponibana. Siku hiyohiyo nilikuwa nimenunua jamu nyingine kwa kikundi cha akina mama wanaopika wenyewe, na lebo yao iliandikwa: zabibu, sukari, maji ya limao. Zabibu gramu 60 kwa kila gramu 100 za jamu. Sukari yote gramu 62 kwa kila gramu 100. Mwalimu akasema, "Sitini na sitini na mbili ni mia na ishirini na mbili. Hawa wanadanganya."

Hawadanganyi, na hili linafaa kueleweka vizuri kwa sababu kutolielewa kunawafanya wateja waikimbie jamu bora. Gramu 60 ni uzito wa zabibu mbichi kabla hazijaingia sufuriani. Gramu 62 ni sukari iliyomo kwenye jamu iliyokwisha iva. Zabibu mbichi ina sukari yake yenyewe, tuseme gramu 16 katika kila 100, na zetu za huku zenye jua kali mara nyingi huzidi hapo. Basi gramu 60 za zabibu zimeleta karibu gramu 10 za sukari. Ukitoa 10 kwenye 62, inabaki 52, ambayo ndiyo sukari waliyomimina. Zabibu 60 na sukari 52 ni gramu 112. Jamu iliyotoka ni gramu 100. Zile 12 zilizopungua, pamoja na maji ya limao, zimepaa kama mvuke jikoni kwao. Hesabu imefunga.

Geuza sasa hesabu hiyohiyo kwenye chupa ya supamaketi. Viambato hupangwa kwa uzito, kilichoingia kwa wingi zaidi kikitangulia. Maji yakiwa ya pili na tunda la tatu, maana yake maji waliyomimina ni mengi kuliko tunda lote. Mwenye tunda la kutosha hahitaji kumimina maji, kwa sababu zabibu tayari ni maji zaidi ya robo tatu, na kazi ya mpishi ni kuyapunguza. Kwa hiyo hata kama lebo haijataja asilimia yoyote, tazama neno la pili. Likiwa maji, umeshajua mengi.

Jambo la pili linalonikera ni jinsi pektini inavyosingiziwa. Dada mmoja sokoni Majengo aliniambia hanunui chochote chenye E440 kwa sababu ni kemikali. Pektini imo ndani ya tunda lenyewe, ndiyo inayoshikilia nyama ya tunda, na ile ya viwandani hukamuliwa kwenye maganda ya machungwa na malimau na kwenye machicha ya tufaha. Unga wa ubuyu tunaokoroga majumbani una pektini nyingi, ndiyo maana uji wake unakuwa mzito. Kiasi kinachowekwa kwenye jamu kwa kawaida hakifiki gramu moja katika gramu 100. Pektini ya kawaida hushika pale tu sukari inapopita kama asilimia 55 na uchachu uwepo wa kutosha, na hiyo ndiyo kazi ya limao au ya E330.

Kwa kweli wale akina mama ningewashauri waiongeze. Jamu yao ni tamu sana lakini ni laini, inateleza pembeni mwa mkate, kwa sababu pektini ya zabibu zilizoiva sana huwa kidogo. Bila kuongeza inabidi wachemshe muda mrefu, na kadiri unavyochemsha ndivyo harufu ya tunda inavyopotea na rangi inavyogeuka kuwa ya kahawia. Kijiko kidogo cha pektini kingewapunguzia muda wa motoni, na zabibu ingebaki na ladha yake. Kuchanganya zabibu chache ambazo hazijaiva sawasawa pia husaidia, kwa sababu tunda bichi lina pektini zaidi.

Pektini ikikaa baada ya tunda lililotangulia, inamsaidia mpishi. Ikikaa baada ya maji, na hasa ikiwa pamoja na wanga au gundi nyingine, inashikilia maji ili yaonekane kama jamu. Unaweza kuona kwa macho. Chota kijiko katikati ya chupa, acha shimo, funga, rudi kesho. Jamu iliyojaa tunda kwa kawaida shimo lake hubaki kavu au hujifunika taratibu. Ile ya maji mara nyingi utakuta kimaji chembamba kimejikusanya shimoni. Si kipimo cha maabara, maana hata jamu nzuri ikiwa na uchachu uliozidi inaweza kutoa maji, lakini ukikiona kimaji hicho pamoja na neno "maji" kwenye nafasi ya pili, sioni cha kutetea.

Kuhusu zile zilizoandikwa "bila sukari iliyoongezwa", nasema kwa ufupi: soma nyuma. Nyingi zimetiwa juisi nzito ya zabibu au ya tufaha badala ya sukari, na Shirika la Afya Duniani huihesabu juisi hiyo pamoja na sukari nyingine za kupunguza. Ukikuta gramu 50 kwa 100, ni 50. Na zile zilizopunguzwa sukari kweli hugandishwa kwa pektini ya aina nyingine inayoshikana kwa madini ya kalisi, basi ukishafungua weka kwenye friji, zitaota ukungu mapema.

Wala sisemi jamu ya akina mama ni chakula cha kula bila kiasi. Kijiko kikubwa cha jamu ni kama gramu 20, na kwa sukari 62 hiyo ni gramu 12 na ushee, yaani vijiko vitatu vya chai. Shirika hilohilo linapendekeza mtu mzima akiweza asizidi kama gramu 25 kwa siku. Vijiko viwili vya jamu, na chai yako tunavyoipenda huku ikiwa tamu, umeshapita. Hili ni kweli kwa chupa zote mbili. Ila kwenye moja, pamoja na sukari hiyo, umekula zabibu.

Ninachodai ni kidogo. Kanuni za kimataifa za lebo za vyakula zinasema kiungo kikisisitizwa kwa maneno au kwa picha, asilimia yake itajwe. Nataka itajwe upande uleule wenye picha, kwa maandishi ambayo shangazi anaweza kuyasoma bila miwani. Ukichora kichala cha zabibu, andika 7 chini yake. TBS, shirika la viwango la Tanzania, ndio wenye usimamizi wa chakula tangu 2019, na hapa ndipo mkono wao unapohitajika, kwa sababu mkulima wa Hombolo hawezi kushindana na picha ya shamba lake mwenyewe.

Na kwa vikundi vyetu vinavyopika, wengi nimeona mnaandika "tunda halisi" bila namba. Namba hiyo haihitaji maabara, inahitaji mizani. Pima zabibu baada ya kuzichambua na kutoa vikonyo, kabla ya kuziweka motoni. Pima jamu yote iliyotoka. Kilo 12 za zabibu zikitoa kilo 20 za jamu, gawa 12 kwa 20, zidisha kwa 100, ni 60. Fanyeni hivyo kila mkipika, maana zabibu za mavuno ya Februari na Machi na zile za Agosti na Septemba hazilingani maji wala utamu. Mkiona namba inayumba, andikeni ile ya chini kabisa mliyowahi kupata.