"Mtoto wa Kwanza Ataendeleza" Si Mpango wa Urithishaji

Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza kaniletea mchanganuo wake wa biashara niupitie kabla hajaupeleka benki. Masoko, kurasa nne. Washindani, kurasa tatu. Hadi bei ya bati kipindi cha mvua imechambuliwa. Nikafika kipengele cha urithishaji, nikakuta sentensi moja: "Endapo mmiliki atafariki, mtoto wa kwanza ataendeleza biashara kwa kushirikiana na familia."

Basi. Mchana kutwa steshenari, hela imelipwa, na hicho ndicho kilichotoka. Hiyo sentensi naijua, nimeikuta kwenye michanganuo ya mashine za kusaga, ya mabasi na ya shule za chekechea. Wanabadilisha jina la biashara tu.

Nilimuuliza, "Mzee, huyu kijana wako pale dukani unamlipa shilingi ngapi?" Akanishangaa. "Nimlipe? Si mwanangu?"

Hapo ndipo ugomvi wa familia nyingi unapoanzia, miaka mingi kabla hajafa mtu. Tuchukue mfano wa duka linalofanana na lake. Mali iliyopo, kwa bei ya kununulia, pamoja na madeni ya wateja yanayolipika, ni milioni 69. Wauzaji wa jumla waliotoa mzigo kwa mali kauli wanadai milioni 18. Thamani halisi ni milioni 51. Watoto ni wanne, na mmoja kakaa kaunta miaka 9. Anapewa laki moja kwa mwezi ya sabuni na vocha, analala nyumbani, anakula nyumbani. Meneja wa kuajiriwa wa duka kama hilo tuseme angelipwa laki tano. Maana yake kila mwezi kijana anaacha laki nne dukani. Kwa miaka 9 ni milioni 43 na laki mbili.

Sasa mzee afariki. Kijana anaona karibu duka zima ni jasho lake. Wenzake watatu, mmoja nesi Dodoma, mmoja mwalimu, mmoja bado chuoni, wanaona mali ya baba, na fungu la kila mmoja ni milioni 12 na laki saba na nusu. Nani mwongo hapo? Hakuna. Kila mmoja ana hesabu yake na zote zinajumlika. Halafu tunakaa msibani tunasema "shetani kaingia kwenye ile familia". Shetani gani? Ni mshahara ambao haukuandikwa.

Kwa hiyo kipengele cha urithishaji kinaanza na mshahara, hakianzi na kifo. Kuanzia mwezi huu kijana alipwe laki tano, iingie daftarini kama gharama ya biashara, sawa na pango na umeme. Akitaka kula kwa mama yake ni shauri lao. Ile miaka 9 iliyopita izungumzwe na wote wanne wakiwepo, mzee akiwa hai na akili zake timamu. Mathalani wakubaliane kwamba apewe asilimia 20 ya hisa sasa hivi, kwa jina lake, na madai ya nyuma yaishe. Asilimia 80 zinazobaki kwa mzee, siku ikifika, zigawanywe sawa: 20 kila mtoto. Mwenye kaunta anakuwa na 40, wenzake 20 kila mmoja. Hawezi kuwaburuza, maana anahitaji angalau mmoja wao akubaliane naye. Wao pia hawawezi kumgeuza kibarua wa bure.

Faida ikija inagawanywa baada ya mshahara wake kutoka. Ikiwa milioni 12 kwa mwaka, nusu ikabaki kuongeza mzigo, zile 6 zinazogawanywa zinampa yeye milioni 2 na laki nne, na kila mwenzake milioni moja na laki mbili. Nesi wa Dodoma hana sababu ya kumpigia mama usiku kulalamika kwamba kaka anakula peke yake. Anaona chake, na anajua kaka kalipwa nini na kwa kazi gani.

Utaniambia duka limesajiliwa BRELA kama jina la biashara, hisa zitatoka wapi? Sawa, hazitoki. Jina la biashara ni mzee mwenyewe kavaa kofia. Akifa, akaunti inafungwa hadi mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na huku nyuma mwenye saruji anataka hela yake. Inabidi kufungua kampuni, mali ya duka ihamie huko, TIN nyingine, leseni nyingine. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kampuni ina kero zake: ritani kila mwaka, hesabu za mkaguzi, na kwa kibanda cha mandazi ni mzigo wa bure. Kwa duka la milioni 51 lenye watoto wanne, lipa.

Na wasomaji wangu Waislamu, msidhani wosia utawaokoa. Wosia hauvuki theluthi, na haumpi mrithi ziada bila ridhaa ya warithi wenzake. Mafungu ya hisa zitakazobaki nayo yana hesabu yake, si hii ya sawa kwa sawa. Anayetaka kumpa mtoto hisa kwa kazi yake ampe akiwa hai, zihame kweli.

Lakini hisa peke yake hazitoshi. Waangalieni Tuskys wa Kenya. Mwanzilishi alifariki 2002, watoto wakawa wenye hisa, biashara ikakua ikawa mtandao mkubwa wa maduka makubwa. Kufikia 2012 ndugu walikuwa wanapelekana mahakamani kuhusu fedha na uongozi. Miaka michache baadaye madeni ya wasambazaji yakawazidi, na kuanzia 2020 matawi yakawa yanafungwa moja baada ya jingine. Sisemi ugomvi ndio uliowaua peke yake. Ila kumiliki na kuendesha ni mambo mawili, na mchanganuo unaosema "familia itashirikiana" haujasema nani anaweka bei, nani anaajiri na nani anasaini.

Tuanze na saini. Mwaka wa kwanza benki wasaini wote wawili, mzee na kijana. Wa pili kijana asaini peke yake hadi milioni 3, juu ya hapo wote. Katikati ya hiyo miaka mzee ampeleke mwenyewe kwa kila muuzaji wa jumla, kwa sababu mali kauli hutolewa kwa sura, haitolewi kwa barua. Madeni yaliyomo kichwani mwa mzee yahamie kwenye daftari. Kisha mzee atoke kaunta. Hapa wengi wanashindwa: kakabidhi Januari, Machi yuko pale kwenye benchi anasema "mpunguzie huyo, namjua baba yake." Ukitaka kujua kama makabidhiano yamefanyika, sikiliza wafanyakazi wanampigia nani mteja anapoomba punguzo la mabati. Kama ni mzee, hakuna kilichokabidhiwa.

Anayetaka kutoka auze hisa zake kwa ndugu kwanza, kwa hesabu ile ile ya mali kwa bei ya kununulia kutoa madeni, alipwe ndani ya miezi 24. Wakishindwana, wawe wameshaandika jina la mtu mmoja wa nje ambaye neno lake ni la mwisho. Shemeji hahesabiki kuwa mtu wa nje.

Jirani yangu amesikiliza yote, akanywa chai yake, akaniuliza kama benki wataisoma hiyo sehemu. Nikamwambia sidhani. "Basi niache ile ile," akasema. Nimebaki na karatasi zake, na simrudishii hadi aje na wale watoto wanne.