Makala ya mgeni ikaguliwe mpaka kwenye nukta

"Makala yangu ina maneno mia nane tu, na haina tangazo hata moja. Kwa nini mnaikalia wiki nzima?"

Mara nyingi anayeuliza hivi ni mwandishi mkweli. Ameandika bila malipo, halafu anawekwa foleni moja na matapeli, na ana haki ya kuumia. Ila wanaosema wahariri wa tovuti tumezidi ukali kwa makala za wageni wengi wao hawajaona kinachofichwa ndani ya maandishi yanayoonekana safi.

Tuliletewa makala kuhusu kuhifadhi mahindi ghalani. Aya zilikuwa fupi, na kiungo kilichoonekana kilikuwa kimoja tu, cha tovuti ya kilimo. Nilipofungua msimbo wa HTML, nikakuta sentensi moja imeishia hivi (anwani nimeibadilisha):

```html
yakishakauka<a href="https://kamari.example/"
style="color:inherit;text-decoration:none">.</a>
```

Kiungo kimebandikwa kwenye nukta. Rangi yake ni ya maandishi yenyewe na mstari wa chini umeondolewa, kwa hiyo anayesoma kwa macho hataona kitu. Roboti ya Google inakiona, na ndiyo iliyolengwa: Google hupima ukurasa, pamoja na mambo mengine, kwa viungo vinavyouelekea, basi tovuti ya kamari inakuja kuazima heshima ya jirani. Ikigundulika, anayeweza kushushwa kwenye matokeo ya utafutaji ni pamoja na huyo jirani aliyeazimwa bila kujua. Wengine huficha kwa `display:none` au `font-size:0`. Dawa ni moja: bandika makala kwenye programu ya maandishi matupu, kisha rudisha viungo kimoja kimoja kwa mkono. Chochote kilichofichwa nyuma ya neno au nukta hubaki nje.

Kiungo kinachoonekana ndicho kinachotumia muda. Kile cha kilimo kilifunguka vizuri, lakini nilipofuata njia yake kwa amri hii, nikaona hakiendi moja kwa moja:

```
curl -sIL https://kilimo.example/ghala | grep -iE '^(HTTP|location)'
```

Majibu yalionyesha `302` kabla ya `200`, yaani kuna kituo katikati kinachompeleka msomaji mbele. Mwenye kituo hicho anaweza kubadilisha mwelekeo miezi mitatu baada ya makala kukubaliwa, na mkulima aliyetafuta ushauri wa mahindi akajikuta kwenye ukurasa wa kubeti. Ndiyo maana tunaweka anwani ya mwisho yenyewe, na tunarudia ukaguzi baadaye, kwa sababu hata jina la tovuti halali muda wake huisha na likanunuliwa na mwingine.

Wapo wanaoshauri tuweke `rel="nofollow"`, alama ya kuiambia Google isikihesabu kiungo, kwenye kila kiungo na kuacha upekuzi. Hoja hiyo ina uzito, kwani inapunguza faida ya tapeli na kuokoa muda wa wote. Lakini tangu 2019 Google huichukua alama hiyo kama dokezo, si amri. Tena haimkingi msomaji anayebofya, na inamnyima mwandishi mkweli sifa ya kiungo alichokistahili. Naiona inafaa pale ambapo hatumjui mwenye tovuti. Kiungo kilicholipiwa kina alama yake, `sponsored`.

Kwenye ubora wa maandishi, hapo lawama dhidi yetu ni ya kweli. Mhariri mwenye haraka hukataa Kiswahili kilichopinda na kupitisha kilichonyooka, ilhali makala ya tapeli mara nyingi ndiyo iliyonyooka. Ile ya mahindi haikuwa na kosa la tahajia. Ilisema tu mahindi "yakauke vizuri" na ghala "liwe safi", maneno ambayo mtu asiyewahi kushika gunia anaweza kuyaandika.

Kwa hiyo sikumkatalia mwandishi papo hapo. Nilimwandikia swali moja: mkulima asiye na kipimo atajuaje mahindi yake yamekauka? Akajibu kwa aya mbili za kusifu umuhimu wa kukausha.

Wiki hiyohiyo mgeni mwingine alileta makala ya mada hiyo, sentensi zimevurugika, nukta hazipo mahali pake. Nikamuuliza lilelile. Akajibu kwamba unatia mahindi kiasi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, unaacha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15, yarudi juani, maana ya kuweka ghalani yanatakiwa yashuke hadi 13 hivi. Akaongeza kwamba dumuzi wakishaingia kwenye mahindi hutapata cha kuuza.

Makala yake nimeinyoosha kwa saa mbili, na kiungo cha ukurasa wake nimekiacha bila `nofollow`.