Hisa kwa mkopo wa dalali: bei ya wito unaikokotoa wewe, asilimia anaipanga yeye

Kununua hisa kwa mkopo wa dalali kuna watetezi wake, na si wote ni wacheza kamari. Hoja yao ni fupi: kama soko kwa muda mrefu hulipa zaidi ya riba ya mkopo, kwa nini mtu mwenye dola 10,000 asishike hisa za dola 20,000? Wapinzani nao hujibu kwa visa vya watu walioamka asubuhi na kukuta dalali ameuza hisa zao. Kila upande una hesabu yake, na ukizifuata zote mbili hadi mwisho unaona kwamba zinagombana juu ya namba moja ambayo mkopaji hana mamlaka nayo.

Tuchukue Marekani, kwa sababu kanuni zake ziko wazi na ndizo Waafrika Mashariki wengi wanaofungua akaunti za hisa za nje wanakutana nazo. Kanuni T ya Benki Kuu ya nchi hiyo inamtaka mnunuzi wa hisa aanze na mtaji usiopungua nusu ya thamani ya ununuzi. Kiwango hicho cha asilimia 50 hakijabadilika tangu 1974. Baada ya kununua, FINRA, chombo kinachosimamia madalali, kinataka mtaji wako usishuke chini ya asilimia 25 ya thamani ya hisa zilizomo kwenye akaunti. Hiyo 25 ni sakafu tu. Dalali anaruhusiwa kuweka 30, 40 au zaidi.

Nguvu ya mkopo katika faida ni rahisi kuikokotoa. Una 10,000 zako, unakopa 10,000, unanunua hisa za 20,000. Levereji yako, yaani thamani ya hisa ukiigawanya kwa mtaji wako, ni 2. Hisa zikipanda asilimia 20 zinakuwa 24,000. Ukitoa deni unabaki na 14,000, yaani faida ya asilimia 40 kwenye mtaji wako. Zikishuka asilimia 20 zinakuwa 16,000, unabaki na 6,000, hasara ya asilimia 40. Kisha kuna riba, nayo haijali soko limekwenda wapi. Tuseme ni asilimia 8 kwa mwaka, yaani dola 800. Ile faida ya 40 inakuwa 32, na ile hasara ya 40 inakuwa 48.

Hapo watetezi wanateleza kidogo, maana husema mkopo wa nusu kwa nusu huongeza faida maradufu. Sivyo. Kwa levereji ya 2, faida kwenye mtaji ni mara mbili ya faida ya hisa, ukitoa kiwango cha riba. Hisa zikipanda asilimia 8 na riba ni 8, umepata 16 ukatoa 8, umebaki na 8, sawa kabisa na yule ambaye hakukopa shilingi. Zikipanda 4 tu, yeye ana 4 na wewe huna kitu. Mkopo unakufaa pale tu hisa zinapoipita riba, na kwa kiasi kile tu zinachoipita.

Sasa bei ya wito. Mtaji wako ni thamani ya hisa ukitoa deni. Dalali anakuita uongeze fedha, la sivyo hisa ziuzwe, pale mtaji huo, ukigawanywa kwa thamani ya hisa, unapofika chini ya kiwango chake. Ukiipanga hesabu hiyo upya unapata hivi:

```
bei ya wito = deni / (idadi ya hisa x (1 - kiwango))
```

Ukinunua hisa 100 kwa dola 60 kila moja, nusu kwa mkopo, deni ni 3,000. Kwa kiwango cha asilimia 25, bei ya wito ni 3,000 kugawanya kwa 75, yaani dola 40. Kwa kiwango cha 30 ni dola 42.86. Kwa kiwango cha 40 ni dola 50. Bei uliyonunulia haimo kwenye hesabu hii; kilichomo ni deni, idadi ya hisa na kiwango. Ndiyo sababu riba usiyoilipa, ikiongezwa kwenye deni, hupandisha bei ya wito kimyakimya. Baada ya mwaka mmoja wa riba ya asilimia 8, deni lako ni 3,240, na ile bei ya dola 40 imekuwa 43.20 bila hisa yenyewe kutikisika.

Mfano wa vitabuni huishia hapo. Tuupeleke kwenye soko halisi. Tarehe 19 Februari 2020, faharasa ya S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilifunga kwenye 3,386, kilele chake kabla ya hofu ya korona. Chukua mtu aliyenunua siku hiyo hisa za mfuko unaofuata faharasa hiyo, 10,000 zake na 10,000 za dalali. Nitaacha gawio pembeni, na riba nitaitaja baadaye. Kwa sakafu ya asilimia 25, wito unakuja thamani ikishuka chini ya 13,333, ambayo ni sawa na faharasa kufika kama 2,257. Ijumaa ya tarehe 20 Machi ilifunga kwenye 2,304. Jumatatu ya tarehe 23 ilifunga kwenye 2,237, na huko ndiko ilikokuwa chini kabisa ya anguko lote. Wito wa kwanza wa mtu huyu ungemfikia siku mbaya kuliko zote za mwaka ule za kuuza.

Wapinzani wa mkopo wanaupenda mfano wa namna hii, lakini wakimaliza hesabu hautawafurahisha sana. Siku hiyo hisa zake zilikuwa na thamani ya takriban 13,215, na mtaji wake 3,215. Asilimia 25 ya 13,215 ni kama 3,304. Amepungukiwa dola 89 tu! Akiziweka, mambo yamekwisha. Asipokuwa nazo, inabidi ziuzwe hisa za dola 355 hivi, mara nne ya pengo, kwa sababu kuuza hakuongezi mtaji, kunapunguza tu thamani ambayo mtaji huo unapimwa nayo. Hata baada ya kuuza hizo, mwisho wa Desemba faharasa ilipofunga kwenye 3,756, angekuwa na karibu dola 11,940 kabla ya riba. Aliyekaa bila kuguswa angekuwa na 12,185. Tofauti ipo, ila haiui mtu.

Kwa hiyo kwa sakafu ya kisheria, wito wenyewe si lile zimwi linalosimuliwa. Tatizo ni kwamba wakopaji wengi hawaishi kwenye sakafu hiyo.

Mkataba wa akaunti hizi humruhusu dalali kupandisha kiwango chake wakati wowote, bila taarifa ya mapema. Humruhusu pia kuuza bila kukupigia simu kwanza, na kuchagua mwenyewe hisa za kuuza. Mamlaka za Marekani zenyewe huwaonya wawekezaji kuhusu vipengele hivi. Na dalali hupandisha kiwango lini? Soko linapochafuka, maana ndipo naye anaogopa deni lake. Simlaumu, fedha ni zake. Lakini rudi kwenye tarehe 23 Machi na uweke kiwango cha asilimia 40 badala ya 25.

Asilimia 40 ya 13,215 ni 5,286. Mtaji ni ule ule 3,215, pengo sasa ni 2,071. Kwa mtu asiyekuwa na akiba, dalali anauza hisa za dola 5,178, karibu asilimia 39 ya zote alizonazo, kwenye bei ya chini kabisa. Anabaki na hisa za 8,037 na deni la 4,822. Soko linapanda kama lilivyopanda kweli, na tarehe 31 Desemba hisa hizo zina thamani ya karibu 13,490. Ukitoa deni, ana 8,670. Amepoteza asilimia 13 katika kipindi ambacho faharasa imepanda karibu 11, na ambacho mwenzake mwenye mkopo ule ule, aliyeachwa atulie, amepata karibu asilimia 22 kabla ya riba. Watu wawili, hisa zile zile, siku ile ile ya kununua. Kilichowatenganisha ni namba moja kwenye mkataba.

Hapa ndipo ninapoegemea upande wa wapinzani, japo si kwa sababu wanayoitaja wao. Kukuza hasara maradufu peke yake ni jambo linalovumilika kwa mtu anayejua anachofanya. Kisichovumilika kirahisi ni kunyang'anywa uamuzi wa lini uuze. Hasara ya kwenye karatasi inaweza kurudi, iliyouzwa hairudi. Tena levereji haikai pale ulipoianzisha: mtu wetu alianza na 2, lakini siku ya 23 Machi, kabla ya kuuza chochote, alikuwa na hisa za 13,215 juu ya mtaji wa 3,215, yaani zaidi ya 4. Alikuwa kwenye hatari kubwa kuliko aliyoiridhia, na hakuwa amenunua hata hisa moja ya ziada.

Tuwatendee haki na watetezi. Nimechagua siku ya kilele, na hilo si jambo la kawaida. Aliyekopa nusu kwa nusu tarehe 23 Machi yenyewe angefunga mwaka na faida ya karibu asilimia 136 kabla ya riba, na bei yake ya wito isingekaribiwa hata mara moja. Na hakuna anayelazimishwa kukopa hadi kikomo. Hili la pili ndilo jibu lao zito, basi tulipime.

Tuseme unataka kuhimili anguko la asilimia 50 hata dalali akipandisha kiwango hadi 40. Deni lisizidi nusu ya thamani ya mwanzo, mara 0.6, yaani asilimia 30 ya thamani hiyo. Mwenye 10,000 anaweza kukopa kama 4,286 na kushika hisa za 14,286. Mtu huyu asingeitwa kabisa mwaka 2020. Angefunga Desemba na 11,561, na kwa riba ya asilimia 8 kwa miezi ile kumi na kidogo angetoa kama dola 296, akabaki na 11,265. Asiyekopa kabisa angekuwa na 11,092.

Ziada ni dola 173. Na hata ukuta huo wa asilimia 50 umewahi kupitwa: kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 faharasa hii hii ilishuka karibu asilimia 57. Mimi kwa dola 173 nisingesaini mkataba unaompa mtu mwingine haki ya kuuza hisa zangu. Mwenye mshahara wa uhakika na akiba ya kuziba pengo la dola elfu mbili ndani ya siku moja anaweza kuona vingine, na hesabu haimkatalii.