Samaki wangu: mmoja au wengi?

Dada yangu hununua sato na sangara pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kuwasafirisha kwa basi kwenda kwa wateja wa mikoani. Mwezi uliopita alilipa nauli mara mbili na barafu mara mbili kwa mzigo ambao ungekwenda mara moja. Alidhani kosa ni lake. Mteja naye alidhani kosa ni la dada. Mimi, ambaye nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 11, niliposoma ujumbe wao kwenye simu niliona kwamba hakuna aliyekosea sarufi hata kidogo, na hapo ndipo lilipo tatizo.

Mteja, mama mmoja wa Shinyanga, alikuwa ameagiza mara mbili. Jumatano aliagiza sangara mmoja mkubwa na kumlipia papo hapo. Ijumaa mchana akaongeza sato wanne, wa kulipia akishawapokea. Jioni ile ile akaandika: "Mwanangu, naomba unitumie samaki wangu na basi la asubuhi." Dada akajibu: "Sawa mama, samaki wako nakutumia kesho." Mama alikuwa na maana ya samaki wote watano. Dada alielewa yule sangara aliyekwisha kulipiwa, akamfunga kwenye boksi la barafu, akampeleka stendi.

Asubuhi mjukuu wa yule mama alipokea mzigo, akampigia bibi yake simu: "Bibi, samaki amefika." Mama akashtuka kabla hata boksi halijafunguliwa. Kwa nini *amefika*? Alitarajia kusikia *wamefika*. Hiyo a- ndogo mwanzoni mwa kitenzi ndiyo iliyokuwa alama ya kwanza ya idadi katika mazungumzo yote tangu Ijumaa jioni. Kabla ya hapo watu wawili wazima waliandikiana kwa Kiswahili safi, wakamaliza, wakalala, na hakuna neno lililosema kama samaki ni mmoja au ni wengi.

Tuichambue sentensi ya mama. Nomino *samaki* haibadiliki. Umbo lake ni kama la *nyumba* au *ndoo*, ambazo umoja na wingi wake ni neno lile lile. Kwa vitu visivyo na uhai hilo halitusumbui, kwa sababu viambishi vya I-ZI vinatenganisha waziwazi. Mtu akisema "ndoo yangu", tunajua ni moja, akisema "ndoo zangu", ni nyingi, nasi hatuhitaji kusubiri kitenzi. Lakini samaki ni kiumbe, na viumbe tumevihamishia upatanisho wa A-WA, hata wakiwa wamekufa na kukauka juu ya chanja. Ndiyo maana tunasema samaki *huyu* na samaki *hawa*.

Basi tutafute idadi katika ule ujumbe. Kitenzi ni *unitumie*. Nafasi ya mtendwa, ambayo ingeweza kubeba *-m-* au *-wa-*, imeshikwa na *-ni-*, yaani yule anayetumiwa, na katika kitenzi cha Kiswahili nafasi hiyo ni moja tu. Samaki amekosa kiti. Kinabaki kimilikishi, *wangu*. Na *wangu* hutamkwa sawasawa katika umoja na wingi wa ngeli yake: mtoto wangu, watoto wangu. Jibu la dada lina mtego ule ule, kwani *nakutumia* ina *-ku-* ya mama, na *wako* haisemi lolote.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini iwe hivyo, nami siku ile nilimjibu vibaya kwamba ndivyo lugha ilivyo. Sababu ipo. Katika umoja kiambishi cha upatanisho hapa ni *u-*, na kikikutana na *-angu* kinageuka *w*: u-angu, wangu. Katika wingi kiambishi ni *wa-*, na *a* mbili zikikutana zinaungana: wa-angu, wangu. Ni njia mbili tofauti zilizofika mlango mmoja. Tena hazingegongana kama Kiswahili kisingelainisha sauti ya kale. Wingi wa watu katika lugha ya zamani ya Kibantu ulikuwa na *ba-*, na sisi tukaifanya *wa-*. Majirani zetu Wasukuma hawakufanya hivyo. Kwao mtu ni *munhu* na watu ni *banhu*, na mzazi husema *ng'wana wane* kwa mtoto mmoja, *bana bane* kwa wengi. Ile *b* inamlinda Msukuma na aibu iliyompata dada yangu.

Mgongano huu hautuumizi kila mahali. Katika *mtoto wangu* na *watoto wangu* nomino yenyewe inabadilika, kwa hiyo kimilikishi kinaweza kunyamaza bila hasara. Utata unakuja pale tu nomino inapokuwa haibadiliki na wakati huo huo inapatanishwa kama kiumbe. Ukikaa na kuhesabu maneno ya namna hiyo utakuta wamo samaki na karibu kila jina la samaki wa ziwani, sato, sangara, furu, kamongo, halafu ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, punda, mbwa. Kwa maneno mengine, ni mali yote ya mvuvi na mali yote ya mfugaji. Huku Kanda ya Ziwa, ambako watu wanaishi kwa ziwa na kwa mifugo, utata umeangukia palepale penye pesa.

Sasa nifike kwenye maoni yangu, ambayo najua baadhi ya walimu wenzangu hawatayapenda. Mfugaji akisema "ng'ombe zangu wamerudi", sisi walimu tunachora mstari mwekundu chini ya *zangu* na kuandika juu yake *wangu*. Nimefanya hivyo mara nyingi. Nadhani tunakosea. Yule mfugaji amechukua kiambishi cha wingi kutoka kwenye umbo la asili la nomino, ile I-ZI, na kukiweka pale tu ambapo A-WA imeshindwa kutofautisha. Angalia kwamba kitenzi hakukigusa. Hakusema *zimerudi*, kwa sababu *wamerudi* ilikuwa tayari inatosha. Amerekebisha panapovuja tu.

Na si yeye aliyeanza. Sisi sote, pamoja na vitabu vya sarufi, tunasema *ndugu yangu amefika* na *ndugu zangu wamefika*. Tunasema *rafiki yangu*, *rafiki zangu*, *dada zangu*, *kaka zangu*. Hakuna mwalimu anayesahihisha "ndugu zangu" iwe "ndugu wangu". Maneno haya yana hali ile ile ya ng'ombe na samaki: nomino haibadiliki, maana ni ya kiumbe, kitenzi ni cha A-WA. Kwa ndugu tumeruhusu *z-* ifanye kazi ya kuonyesha wingi. Hata tumeipeleka mbele zaidi ya inapohitajika, maana tunasema *wake zao* na *waume zetu*, ingawa *mke* na *wake*, *mume* na *waume*, tayari vimeshatofautiana vyenyewe. (Neno *marafiki zangu* nalo linanifurahisha kila nikilisikia: nomino imevaa *ma-* ya wingi, kimilikishi kimevaa *z-*, na kitenzi kitavaa *wa-*. Ngeli tatu katika pumzi moja, na mtoto wa miaka mitano anaisema bila kukwama.)

Kwa hiyo nikikuta insha yenye "mbuzi zangu wamepotea", siku hizi sikati alama. Nikikuta "mbuzi zangu zimepotea", nakata, na ninamweleza mwanafunzi sababu: *wa-* ya kitenzi haigongani na *a-*, hivyo *zi-* haijaongeza habari yoyote, imemwondolea mbuzi uhai tu. Wanafunzi wanaielewa tofauti hiyo haraka kuliko wanavyoelewa jedwali la ngeli, kwa sababu wanaona kila kiambishi kinaulizwa swali moja: hapa unatuambia nini ambacho neno lingine halijatuambia?

Dagaa ni habari ya pembeni, lakini siwezi kuandika kutoka Mwanza nikawaruka. Utasikia "dagaa zimekauka" na "dagaa hizi ni za jana" kutoka kwa watu wanaosema "sato wamekwisha" bila kusita. Katika mtihani tunataka *wamekauka*, nami nafundisha hivyo. Ila sidhani kwamba wanawake wa Mwaloni wamesahau kuwa dagaa ni samaki. Sato huhesabiwa mmoja mmoja na kila mmoja ana bei yake. Dagaa hupimwa kwa sado, kwa ndoo, kwa gunia, kama mchele au maharage, na hakuna anayeuliza ni wangapi. Upatanisho umefuata kipimo. Hapo *zi-* haitatui mgongano kama ule wa *wangu*. Inatuambia msemaji anaiona bidhaa ile kwa jicho gani.

Turudi kwa mzigo wa Shinyanga. Ile sentensi ingeponywa kwa njia kadhaa, na zote zinahusu kupata neno moja lenye kiambishi kinachotofautisha. *Samaki wangu wote* ingetosha. *Samaki wangu watano* ingetosha, na *samaki wangu zile oda mbili* pia. Dada naye angeweza kuipanga sentensi upya ili samaki apate kile kiti kwenye kitenzi: "Samaki wako nimempakia" au "nimewapakia". Mama angesoma *-m-* usiku ule ule na kupiga simu kabla basi halijaondoka. Kumbuka kwamba "samaki wako wa jana" isingesaidia, kwa sababu *wa* ya kuunganisha ina ugonjwa ule ule wa *wangu*. Sifa ingesaidia, kwa kuwa *mkubwa* na *wakubwa* hazifanani.

Sato wanne walikwenda Jumapili kwenye boksi jipya, na mama akalipa nusu ya nauli kwa hiari yake. Juzi nilimkuta dada Mwaloni akiandika ujumbe huku ameegemea ukuta, kidole kimoja kimelowa. Nikachungulia. Alikuwa ameandika "Mama samaki zako", akasimama, akafuta, akaandika upya: "Mama, samaki zako nimewapakia, wote saba."